MALI BILA DAFTARI: HESABU YA UCHAKAVU WA KINU CHA POSHO

Wahenga walinena kuwa mali bila daftari hupotea bila habari. Lakini je, ulijua kuwa hata mali iliyo na daftari inaweza kupotea vilevile, daftari lenyewe likiwa wazi mezani? Hilo hutokea pale ambapo mwandishi wa hesabu anaandika mapato na matumizi yote, kisha anasahau kitu kimoja tu: kwamba mashine inayoleta hizo pesa inazeeka kila siku. Kuzeeka huko kwa lugha ya hesabu huitwa uchakavu. Katika makala haya nitaeleza njia tatu za kuupigia hesabu, na hasa namna ya kuhesabu mwaka wa kwanza ikiwa kitu hakikununuliwa mwezi wa Januari. Hapo ndipo wengi hukwama.

Hebu tuchukue mfano mmoja na tushikamane nao hadi mwisho. Tuseme kuna kikundi cha kina mama ishirini walionunua kinu cha posho cha kutumia stima. Vitabu vyao hufungwa tarehe 31 Desemba kila mwaka. Kinu chenyewe kiliuzwa shilingi 400,000. Kukisafirisha kutoka mjini kulikula shilingi 15,000. Kumwaga saruji ya kukikalisha, kukifunga na kuunganisha stima kulikula shilingi 25,000. Kilianza kuwa tayari kusaga tarehe 1 Oktoba 2019.

Swali la kwanza: kinu hiki kiliwagharimu pesa ngapi? Ukijibu 400,000 umeanza vibaya. Kinu kikiwa bado dukani hakisagi unga wa mtu. Kila shilingi iliyotumika kukileta na kukiweka tayari kwa kazi ni sehemu ya gharama yake. Kwa hivyo gharama ni 400,000 kujumlisha 15,000 kujumlisha 25,000, yaani shilingi 440,000. Lakini nyundo za ndani zikiisha makali zikabadilishwa, au chekecheke ikitoboka ikanunuliwa nyingine, hizo si gharama ya kinu. Hizo ni matengenezo ya kawaida, nazo huandikwa kama matumizi ya mwaka ule ule.

Sasa kina mama wanahitaji makadirio mawili. La kwanza ni umri wa matumizi: kinu kitawafaa kwa muda gani? Wakakadiria miaka 5. La pili ni thamani ya masalio: siku ya kukitupa, mwenye kununua vyuma kuukuu atatoa ngapi? Wakakadiria shilingi 40,000. Ukitoa 40,000 kwenye 440,000 unabaki na shilingi 400,000. Hiyo 400,000 ndiyo itakayoliwa na kazi. Uchakavu si kitu kingine ila kuigawa hiyo 400,000 kwa miaka ambayo kinu kinatumika. Njia zote tatu zinagawa kiasi hicho hicho. Tofauti yao ni mwaka gani unabeba mzigo mkubwa na mwaka gani unabeba mdogo. Tafadhali likumbuke jambo hili, kwa maana ndilo litakalotusaidia baadaye kutambua hesabu iliyopotoka.

NJIA YA KWANZA: MSTARI ULIONYOOKA

Hii ndiyo nyepesi kuliko zote. Unachukua gharama, unatoa masalio, unagawa kwa miaka:

(440,000 − 40,000) ÷ 5 = 80,000 kwa mwaka

Kila mwaka kinu kinapoteza shilingi 80,000, hakuna kupanda wala kushuka. Ukichora mchoro utapata mstari ulionyooka kama rula, na jina limetokea hapo.

Lakini ngoja kwanza. Mwaka wa 2019 kinu kilifanya kazi tangu Oktoba mpaka Desemba, yaani miezi 3 peke yake. Je, ni haki kuutoza mwaka huo shilingi 80,000 nzima? La hasha! Ni kama kumlipisha mpangaji kodi ya mwaka mzima ilhali amehamia mwezi wa kumi. Kwa hivyo tunautoza sehemu yake tu:

80,000 × 3 ÷ 12 = 20,000

Basi 2019 unachukua 20,000. Miaka ya 2020, 2021, 2022 na 2023 kila mmoja unachukua 80,000. Sasa jumlisha: 20,000 na 320,000 ni 340,000. Mbona haikufika 400,000? Ni kwa sababu miaka 5 ya kinu haikuisha Desemba 2023. Ilianza Oktoba 2019, kwa hivyo inaisha mwisho wa Septemba 2024. Bado kuna miezi 9 ya mwaka wa 2024:

80,000 × 9 ÷ 12 = 60,000

Hapo jumla inatimia 400,000 barabara. Umeona? Kitu cha umri wa miaka 5 kimeingia katika vitabu vya miaka 6. Miezi uliyoikata mwanzoni haipotei, inakungoja mwishoni. Anayesahau miezi hiyo ya mwisho atabaki na kinu kinachosomeka shilingi 100,000 vitabuni, na hali anajua wazi kuwa kina thamani ya vyuma vya 40,000 tu.

Pengine utauliza, je, kama kinu kingeletwa tarehe 18? Kikundi kinaweza kuhesabu kwa siku, au kikajiwekea sheria. Wengi husema kitu kikiwa tayari kufikia tarehe 15 mwezi huo unahesabiwa wote, na kikichelewa zaidi ya hapo hesabu inaanza mwezi unaofuata. Sheria yoyote kati ya hizi inafaa mradi iandikwe na ifuatwe kwa kila kitu, si leo hivi na kesho vile. Jambo lisilobadilika ni hili: kanuni ya kimataifa ya uhasibu nambari 16 inasema uchakavu huanza kuhesabiwa kitu kikiwa mahali pake na katika hali ya kuweza kufanya kazi iliyokusudiwa. Siku ya kulipa pesa si hoja. Kina mama wangelipa Julai na kinu kikafungwa Oktoba, hesabu ingeanza Oktoba.

NJIA YA PILI: SALIO LINALOPUNGUA MARADUFU

Njia hii inaamini kuwa kitu kipya hupoteza thamani haraka sana mwanzoni, kisha polepole uzeeni. Ukiwaza habari ya gari au simu utakubaliana nayo mara moja.

Hatua ya kwanza ni kutafuta kiwango. Katika mstari ulionyooka, miaka 5 ni sawa na asilimia 20 kwa mwaka, maana 100 gawanya kwa 5 ni 20. Ukiizidisha mara mbili unapata asilimia 40, na ndiyo sababu ya neno maradufu.

Hatua ya pili ndiyo yenye mtego. Asilimia 40 hupigwa juu ya thamani ya vitabuni, yaani gharama ukitoa uchakavu wote uliokwisha kuandikwa. Hatutoi masalio kwanza! Tunaanza na 440,000 yenyewe. Masalio yana kazi yao, lakini inakuja mwisho.

Kama mwaka wa kwanza ungekuwa mzima tungesema 440,000 mara asilimia 40, ambayo ni 176,000. Lakini tuna miezi 3:

176,000 × 3 ÷ 12 = 44,000

Thamani ya vitabuni mwisho wa 2019 inakuwa 440,000 toa 44,000, yaani 396,000. Mwaka wa 2020 ni mzima, kwa hivyo tunapiga asilimia 40 ya 396,000, tunapata 158,400. Inabaki 237,600. Mwaka unaofuata tunapiga asilimia 40 ya hiyo 237,600, na kuendelea hivyo hivyo.

Hapa mwanafunzi makini atainua mkono. Atasema, “Mwalimu, mwaka wa kwanza wa kinu ni Oktoba 2019 hadi Septemba 2020, na uchakavu wake ni 176,000. Kwani si 2020 ingechukua miezi 9 iliyobaki ya mwaka huo, halafu miezi 3 ya mwaka wa pili wa kinu?” Ni swali zuri sana. Tumpigie hesabu yake tuone. Miezi 9 ya 176,000 ni 132,000. Mwaka wa pili wa kinu unaanza na 440,000 toa 176,000, yaani 264,000, na asilimia 40 yake ni 105,600. Miezi 3 ya hiyo ni 26,400. Jumlisha 132,000 na 26,400 unapata 158,400. Ni ile ile! Kwa hivyo usijisumbue na njia ndefu. Baada ya mwaka wa kwanza uliokatwa, piga asilimia juu ya thamani ya vitabuni na utafika pale pale.

Sasa tuje kwa kazi ya masalio. Tukiendelea hivyo, mwisho wa 2023 kinu kitasomeka shilingi 51,322 baada ya kukadiria senti. Mwaka wa 2024 una miezi 9. Asilimia 40 ya 51,322 ni 20,529, na miezi 9 yake ni kama 15,397. Tukiitoa tutabaki na 35,925. Simama hapo! Tulisema vyuma kuukuu vitauzwa 40,000. Hatuwezi kushuka chini ya masalio. Kwa hivyo mwaka wa 2024 tunaruhusiwa kuchukua 51,322 toa 40,000, yaani 11,322 tu, na hesabu imekwisha. Masalio ni kama sakafu ya nyumba. Unashuka ngazi mpaka unaikanyaga, basi, huchimbi.

NJIA YA TATU: KULINGANA NA KAZI ILIYOFANYWA

Njia hii haitazami kalenda hata kidogo. Inauliza swali moja: umesaga kiasi gani? Kinu kilichozimwa mwezi mzima kwa kukosa mahindi hakijachakaa sawa na kinu kilichonguruma tangu alfajiri.

Badala ya kukadiria miaka, kina mama walikadiria kuwa kinu kitasaga magunia 16,000 ya kilo 90 kabla ya kuchoka. Basi:

(440,000 − 40,000) ÷ 16,000 = 25 kwa kila gunia

Katika njia hii masalio hutolewa mwanzoni, sawa na mstari ulionyooka. Kila gunia likipita kinuni, kinu kimepoteza shilingi 25. Kazi iliyobaki ni kuhesabu magunia. Wateja wa posho huja na gorogoro, si gunia, kwa hivyo mwenye daftari ataandika gorogoro za kilo mbili, na kila gorogoro 45 atazihesabu kuwa gunia moja. Daftari hilo lisipoandikwa kila siku, njia hii imekufa.

Tuseme Oktoba hadi Desemba 2019 walisaga gorogoro 31,500, ambazo ni magunia 700. Uchakavu ni 700 mara 25, yaani shilingi 17,500.

Je, sasa tuzidishe kwa 3 na kugawa kwa 12? Hapana! Na hapa ndipo mtego mkubwa wa njia ya tatu. Hayo magunia 700 ni ya miezi 3 tayari. Miezi ya mapumziko haikusaga kitu, kwa hivyo haikutozwa kitu. Ukikata tena utakuwa umekata mara mbili, upate 4,375, na shilingi 13,125 zitapotea njiani. Mwaka nusu au mwaka robo hauna maana kwa njia hii, kwa sababu kazi yenyewe imeshajikata.

TUZIWEKE PAMOJA

Tuseme magunia ya miaka iliyofuata yalikuwa 3,400, kisha 2,900 mwaka ambao mahindi yalikuwa haba, kisha 3,600, kisha 3,100, na miezi 9 ya mwisho 2,300. Uchakavu wa kila mwaka kwa shilingi utakuwa hivi:

| Mwaka | Mstari ulionyooka | Salio maradufu | Kazi iliyofanywa |
|---|---|---|---|
| 2019 (miezi 3) | 20,000 | 44,000 | 17,500 |
| 2020 | 80,000 | 158,400 | 85,000 |
| 2021 | 80,000 | 95,040 | 72,500 |
| 2022 | 80,000 | 57,024 | 90,000 |
| 2023 | 80,000 | 34,214 | 77,500 |
| 2024 (miezi 9) | 60,000 | 11,322 | 57,500 |
| Jumla | 400,000 | 400,000 | 400,000 |

Tazama mstari wa mwisho. Huo ndio mtihani niliokuahidi. Jumla ya safu yoyote isipokuwa 400,000, basi kuna kosa mahali. Ikipungua, aghalabu mtu amesahau miezi ya mwisho au amekata magunia mara mbili. Ikizidi, mtu amechimba sakafu ya masalio.

Katika mfano wetu magunia yalikoma penye 16,000 kamili, ili hesabu ikae sawa. Katika maisha ya kweli kinu kinaweza kufika Septemba 2024 kikiwa kimesaga magunia 14,000, na bado kina nguvu. Hapo kwa njia ya tatu unaendelea kutoza shilingi 25 mpaka yaliyobaki yaishe. Na ukiona mapema kuwa makadirio yako hayakulenga, unachukua thamani iliyobaki vitabuni, unatoa masalio na kuigawa upya kwa magunia au miaka iliyobaki. Hurudi nyuma kufuta yaliyoandikwa.

KWA NINI WAGOMBANE?

Utaniuliza, “Hizi tarakimu zote zinamhusu nani?” Zinamhusu kila mmoja wa wale kina mama ishirini. Katika miezi 3 ya 2019 walitoza shilingi 5 kwa gorogoro, wakapata 157,500. Stima, mshahara wa msagaji na kodi ya kibanda vikala 94,500. Zikabaki 63,000.

Wasiojua uchakavu watasema, “Faida ni 63,000, tugawane!” Kila mama apate 3,150. Baada ya miaka 5 kinu kitakufa na kikundi hakitakuwa na hata ya kununua nyundo, kwa maana walikuwa wanakula kinu chenyewe vipande vipande wakidhani wanakula faida.

Kwa mstari ulionyooka faida ya kweli ni 43,000, yaani 2,150 kwa kila mama. Kwa salio maradufu ni 19,000, yaani 950. Kwa kazi iliyofanywa ni 45,500, yaani 2,275. Na yule aliyesahau kuukata mwaka? Akitumia salio maradufu ataandika uchakavu wa 176,000 na kuwatangazia wenzake hasara ya 113,000! Wanaweza kuuza kinu kizuri kwa hasara iliyoko kwenye karatasi tu.

Sasa tuseme mama mmoja alihama Desemba hiyo na akadai sehemu yake ya kinu, moja kwa ishirini. Kwa mstari ulionyooka kinu ni 420,000 na fungu lake ni 21,000. Kwa salio maradufu kilichohesabiwa sawasawa ni 396,000, na fungu lake ni 19,800. Kwa mwaka usiokatwa kinu kinasomeka 264,000, na atapewa 13,200. Shilingi 6,600 zake zimeyeyuka bila mwizi, kwa sababu ya 3 ÷ 12 iliyosahauliwa.

Kwa hivyo njia ichaguliwe mapema, kabla hajatokea wa kuhama, na iandikwe kwenye kumbukumbu za mkutano. Kwa kinu, mimi naona ya tatu inafaa zaidi, kwa kuwa kusaga ndiko kunakokichosha, ila iwe kuna mtu wa kuandika gorogoro kila jioni bila kuchoka. Kama hakuna, mstari ulionyooka hautawaangusha. Salio maradufu ningewaachia wenye kompyuta na magari, vitu ambavyo hupoteza bei upesi vikiwa bado vipya.

Jambo la mwisho, nalo lisipuuzwe. Kuandika uchakavu wa 20,000 daftarini hakuweki shilingi 20,000 ndani ya sanduku. Uchakavu hauna noti. Unawaambia tu kiasi ambacho si faida na hakifai kugawanywa. Ni juu ya mweka hazina kukipeleka kiasi hicho benki kila Desemba, ili kinu kikichoka kabisa, kipya kiwe na pesa za kuanzia.